Tunailaumu gesi, shimo liko Februari

Tangu Serikali iagize taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, mchango wa chakula shuleni umepata mchawi mpya. Kwenye vikao vya wazazi, kuanzia Mkinga hadi Bagamoyo, maneno ni yaleyale. Kamati inasema gesi ni ghali, kwa hiyo mchango upande. Mzazi anayebisha anasema kuni zilikuwa zinatosha, kwa hiyo turudi kwenye kuni. Wote wawili wanakubaliana kwamba gesi ndiyo iliyotoboa mfuko, na hapo ndipo wanapokosea pamoja. Kwamba gesi ni ghali kuliko kuni halina ubishi, na hesabu italionyesha. Lakini mfuko ulikuwa umetoboka kabla mtungi wa kwanza haujafika jikoni. Umetobolewa na mwezi ambao shule inanunua mahindi na maharage, na saa ambazo sufuria inakaa motoni. Shule inayoyarekebisha hayo mawili inaweza kupikia gesi kwa gharama inayokaribiana sana na ile iliyokuwa ikiitumia kwa kuni.

Kwanza tujue pesa inatoka wapi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Chakula cha mchana katika shule za kutwa kikabaki mikononi mwa wazazi, kwa makubaliano yao wenyewe, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ina kazi zake nyingine. Hata ingeelekezwa yote jikoni, ingemlisha mtoto sahani kama thelathini tu. Kwa hiyo bajeti ya chakula ni fedha na nafaka za wazazi. Inasimamiwa na kamati ya shule ambayo mara nyingi haina mhasibu, na inapangwa Januari, mwezi ambao mzazi ametoka kununua sare na madaftari. Huo ndio mwanzo wa tatizo, maana Januari ni mwezi mbaya wa kukusanya na mwezi mbaya zaidi wa kununua.

Tuchukue shule ya mfano wilayani Muheza. Ina wanafunzi 450 kwenye rejista, na kwa wastani 400 wanafika na kula. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo, lakini jiko haliwaki siku za kufungua na kufunga, kwa hiyo tupange siku 180 za kupika: 95 kati ya Januari na mapema Juni, na 85 kati ya Julai na Desemba. Hiyo ni sahani 72,000 kwa mwaka. Kila mtoto apimiwe gramu 120 za mahindi, yawe makande au dona, na gramu 40 za maharage. Kwa siku ni kilo 48 za mahindi na kilo 16 za maharage. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Kila kamati iweke za soko lake, iwe Mgandini, Mombo au Chalinze, lakini mwenendo wa hesabu utabaki huohuo.

Mkoa wa Tanga una mvua za masika na za vuli, na mavuno makubwa ya mahindi yanatokana na masika. Handeni na Kilindi wanapoanza kuvuna, mahindi yanajaa barabarani Julai na Agosti, na bei inashuka. Kuanzia Desemba inapanda, na kati ya Februari na Mei, kabla ya mavuno mapya, ndipo inapouma. Tuseme kilo ni shilingi 600 mwezi Agosti, wastani wa 650 kwa muhula wote wa pili, na 1,000 kwa muhula wa kwanza. Shule inayonunua gunia kwa gunia kadiri michango inavyoingia italipa shilingi 4,560,000 kwa mahindi ya Januari hadi Juni, na 2,652,000 kwa yale ya Julai hadi Desemba. Ukigawa kwa sahani zote ni karibu shilingi 100 kwa sahani. Sasa fikiria shule hiyohiyo inanunua mwezi Agosti mahindi yote ya Januari hadi Juni inayofuata, kilo 4,560. Italipa 2,736,000. Ongeza mifuko 46 ya kuhifadhia kwa shilingi 5,000 kila mmoja, ongeza na thamani ya magunia mawili yatakayoharibika hata ukiwa mwangalifu, na jumla haifiki 3,090,000. Mahindi ya mwaka mzima yanashuka kutoka shilingi 100 hadi 80 kwa sahani. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua wakati wa mavuno kwa sababu hiyohiyo. Shule za kutwa ndizo zimezoea kufanya kinyume.

Maharage yanastahili kutazamwa peke yake, kwa sababu kamati nyingi hugombania mahindi na kuyasahau. Uzito wake ni theluthi moja tu ya mahindi, lakini kwa kilo ya shilingi 2,200 mwezi Agosti, wastani wa 2,300 kwa muhula wa pili na 3,000 kwa muhula wa kwanza, maharage yanakula fedha nyingi kuliko mahindi: karibu shilingi 107 kwa sahani ukinunua mwezi kwa mwezi. Mtu angedhani dawa ni ileile, ujaze stoo Agosti. Hapana. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu wa pwani yanakuwa magumu. Yanaloweka vibaya na yanagoma kuiva hata yakichemka nusu siku. Wapishi wanayajua: maji yamebadilika rangi, ganda limevuka, lakini punje ukiibana kwa vidole haivunjiki. Shilingi uliyookoa kwenye bei unairudisha kwenye gesi. Kwa hiyo mfano wetu unaweka akiba ya nusu tu ya maharage ya muhula wa kwanza, yatumike yaishe mapema, na nusu nyingine inunuliwe kwa bei ya wakati huo kutoka kwa wachuuzi wanaoshusha maharage mapya ya Lushoto. Gharama, pamoja na mifuko, inakuwa shilingi 99 badala ya 107. Faida ni ndogo kuliko ya mahindi, ila ni ya kweli.

Hapa ndipo wapinzani wa kuhifadhi wanapopata hoja nzuri. Pwani si Iringa. Hewa ya Tanga na Bagamoyo ina unyevu, na mahindi yaliyoachwa kwenye viroba vya kawaida ndani ya darasa la zamani yatakuwa unga wa dumuzi kabla ya Februari, au yatavunda na kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Shule zilizojaribu kuhifadhi zikatupa magunia zipo, na hofu yao si ya kuchekwa. Lakini ukichunguza zilivyofanya, nyingi zilihifadhi mahindi mabichi. Mfuko wa tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje, unaua dumuzi kwa kuwanyima hewa. Haukaushi mahindi. Ukifungia ndani mahindi yenye unyevu, umefungia uvundo. Yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi kabla ya kufungwa.

Kipimo cha bei nafuu kipo na kila kamati inaweza kukifanya mlangoni. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi yajaze theluthi moja, tia kijiko cha chumvi kavu iliyoanikwa juani, funga, tikisa kwa dakika kadhaa kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayaingii stoo. Isiponata, yamepita kizingiti cha kwanza tu, kwa sababu chumvi haioni tofauti kati ya 14 na 13. Yaanikwe siku mbili tatu zaidi juu ya turubai, si chini kwenye vumbi, halafu ndipo yafungwe. Kila tabaka la mfuko lisokotwe mdomo, likunjwe, lifungwe kwa kamba peke yake. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wasiachiwe njia, kwa kuwa tundu moja la panya linarudisha hewa na dumuzi wanaamka. Ukubwa wa jiko unasaidia hapa: kilo 48 kwa siku zina maana gunia lililofunguliwa linaisha baada ya siku mbili, kwa hiyo halikai wazi muda mrefu kama linavyokaa nyumbani kwa mtu.

Sasa tuingie jikoni. Makande ndiyo chakula rahisi kupanga shuleni. Hayana kazi ya kusonga, yanagawiwa kwa upawa mmoja, na yanabeba mahindi na maharage kwa pamoja. Lakini ni mlaji mkubwa wa moto. Makande ya watoto 400 yasiyolowekwa, yakipikwa bila mfuniko unaokaa sawa, yanachemka saa mbili na nusu hadi tatu, na sehemu kubwa ya moto inaishia kwenye mvuke. Kadirio la haki ni kilo 8 za gesi kwa siku. Kwa mtungi wa kilo 38 unaouzwa shilingi 140,000, hizo ni shilingi 74 kwa sahani. Kwa kuni juu ya mafiga ya wazi, kazi hiyohiyo inakula kilo 95 hivi, na kwa shilingi 70 kwa kilo ni 17 kwa sahani. Tofauti ya 57. Hapo ndipo kamati inapoishia, inaandika mchango mpya na kuahirisha kikao.

Lakini hesabu hiyo imechukua mapishi ya kuni na kuyahamishia kwenye gesi bila kubadilisha kitu. Moto wa kuni ukishawaka ni vigumu kuupunguza. Mpishi anausukuma ukuni ndani na kuendelea na kazi nyingine, na sufuria inatokota kwa nguvu hadi mwisho. Moto wa gesi unashushwa kwa kidole. Makande yakishachemka hayaivi haraka zaidi kwa kutokota kwa kishindo, yanahitaji tu yasipoe. Mahindi yaliyokobolewa na maharage yakilowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yakamwagwa, sufuria ikafunikwa vizuri na moto ukashushwa mara tu yanapochemka, muda unapungua kwa saa moja na zaidi na gesi inashuka hadi kilo 6 hivi. Hiyo ni shilingi 55 kwa sahani. Asiyeamini aweke mtungi juu ya mizani asubuhi kabla ya kuwasha na mchana baada ya kuzima, kwa wiki moja bila kuloweka na wiki moja kwa kuloweka. Mizani ya stoo inatosha.

Kuloweka kuna masharti yake pwani. Ukiloweka saa tisa mchana kwenye joto la Februari, asubuhi utakuta povu na harufu ya uchachu. Ni vizuri kuloweka jioni, saa kumi na mbili hivi, kwa maji mara mbili ya kiasi cha nafaka, kwenye pipa lenye kifuniko. Chakula cha Jumatatu kina shida yake, kwa sababu hakuna mtu Jumapili jioni, hivyo Jumatatu ipangiwe ugali kwa kunde au choroko, ambazo zinaiva haraka bila kulowekwa na zinapatikana kwenye vijiji vya pwani. Jambo moja zaidi ambalo mafundi huwa hawawaelezi walimu: sufuria mbili kubwa zikivuta gesi kutoka mtungi mmoja, mtungi unapoa, unatoka jasho hadi baridi kali, na moto unafifia ilhali gesi imo. Wapishi wanadhani imekwisha, mtungi unarudishwa dukani na kilo kadhaa za gesi ndani. Dawa ni kuunganisha mitungi miwili au zaidi kwenye bomba moja ivute kwa pamoja, na kupima mtungi kabla ya kuurudisha.

Kila kitu nilichosema kuhusu kuloweka, kufunika na kushusha moto kinafanywa na mtu, na huyo mtu ndiye anayewekwa mwisho kwenye bajeti. Wapishi wanne kwa watoto 400 si wengi. Kwa posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani karibu shilingi 33 kwa sahani. Fedha inapopungua Februari, kamati hainyimi watoto mahindi. Inachelewesha posho. Inaonekana kama hakuna hasara, kwa kuwa chakula bado kinatoka saa saba. Lakini mpishi ambaye hajalipwa miezi miwili harudi shuleni saa kumi na mbili jioni kuloweka maharage. Anawasha asubuhi, anapika makavu, anaongeza moto ili kengele isimkute. Kilo mbili za gesi zinazopotea kila siku kwa njia hiyo ni shilingi 7,000 na ushee, na posho ya wapishi wote wanne kwa siku ya kupika ni kama 13,000. Yaani nusu ya fedha "iliyookolewa" inaungua palepale jikoni.

Nusu ya pili inatoka kwa mlango wa nyuma, na tuiseme bila kuwavunjia heshima akina mama hawa. Mpishi asiyelipwa anajilipa. Kilo moja na nusu ya mahindi na nusu kilo ya maharage kila mmoja, kwa bei za katikati, ni karibu shilingi 2,500. Kwa wanne ni 10,000 kwa siku. Ukijumlisha na gesi, kuchelewesha posho kunaigharimu shule zaidi ya posho yenyewe. Dalili zake zinaonekana kwenye daftari: stoo inatoa kilo 48 kila siku bila kubadilika, Ijumaa waliposwali mapema wakaondoka wengi na Jumanne ya mvua walipofika 320. Stoo isiyofuata mahudhurio inalisha watu wasiohesabiwa. Mwalimu wa zamu ahesabu waliofika kufikia saa mbili na nusu, azidishe kwa gramu, na kipimo kiwe mizani, siyo debe. Debe la mahindi huwa kati ya kilo 17 na 20 kutegemea ukavu na mkono wa anayelijaza. Shida ni kwamba nafaka ya kuloweka inapimwa jioni, kabla mahudhurio hayajajulikana. Basi ipimwe kwa mahudhurio ya jana, na tofauti irekebishwe kesho yake.

Tukusanye hesabu. Mafuta ya kula ni shilingi 25 kwa sahani, chumvi na viungo 15, kusaga, kukoboa na usafiri 12, sabuni, maji na matengenezo 6, posho 33. Hayo yanabaki sawa kwa kila hali. Shule ya zamani, inayonunua mwezi kwa mwezi na kupikia kuni bila kuloweka, ilikuwa ikitumia shilingi 315 kwa sahani. Ikihamia gesi bila kubadilisha kingine, inafika 372, na kelele za kikaoni zina haki. Ikinunua kwa msimu na kuloweka, inakuwa 325. Tofauti na kuni ni shilingi 10 kwa sahani, 1,800 kwa mtoto kwa mwaka.

Mtu makini atasema hesabu hii ina ujanja: mbona hizo akiba mbili zingeweza kufanywa na kuni pia? Ni kweli. Shule ya kuni ikinunua Agosti na kuloweka itashuka chini ya shilingi 290, na ikijenga jiko banifu lenye bomba la moshi, kuni zinapungua kwa zaidi ya nusu na gharama inashuka tena. Kwa shilingi tupu, kuni kwenye jiko banifu zinaishinda gesi, na sioni faida ya kulificha hilo. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Agizo limeshatoka, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania, na shule haina nafasi ya kuchagua. Kinachobaki kujadiliwa ni kama kuhama kunalazimu mchango upande kwa shilingi 10,000 kwa mtoto. Hakulazimu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopigiwa makofi sana, kwamba kuni ni bure kwa kuwa watoto wanakuja nazo. Kilo 95 kwa siku ni tani 17 kwa mwaka, zaidi ya kilo 40 kwa kila mtoto anayekula. Hazitoki hewani. Zinatoka kwenye mikorosho ya jirani, kwenye vichaka ambavyo kila mwaka viko mbali zaidi, na kwa shule za Pangani na Bagamoyo zilizo karibu na bahari, kwenye mikoko ambayo kuikata bila kibali ni kosa. Wakati wa masika zinakuja zimelowa, zinafuka moshi badala ya kuwaka, na chakula cha saa saba kinatoka saa tisa. Mzazi anayesema ni bure amemtuma mtoto wake alipe kwa miguu, kisha akaandika sifuri kwenye daftari.

Hoja ya kuhofia wizi ina uzito zaidi. Kujaza stoo magunia 46 ya mahindi na mengine ya maharage ni kuweka zaidi ya shilingi milioni nne nyuma ya kufuli. Lakini manunuzi ya kidogokidogo hayazuii wizi, yanaugawa tu katika risiti arobaini ambazo hakuna anayezifuatilia. Magunia yanahesabika kwa macho. Makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula na mwingine kwa mjumbe wa kamati ambaye si mwalimu, na wazazi wawili kuhesabu kila Ijumaa, ni rahisi kuliko kukagua bei ya kila kiroba kilichonunuliwa kwa mzabuni.

Kizuizi cha kweli ni fedha ya Agosti. Shule yetu inahitaji kama shilingi 4,680,000 kwa mkupuo, sehemu moja ya tano ya bajeti ya mwaka, miezi mitano kabla ya mwaka kuanza. Hakuna kamati yenye akiba hiyo. Njia nyepesi ni kuacha kuomba fedha mahali penye nafaka. Kilo 4,560 ni madebe 250 hivi. Kwa mzazi wa Handeni au Muheza vijijini, debe moja lililopimwa kwa mizani na kupita kipimo cha chumvi mwezi Agosti ni mzigo mwepesi kuliko thamani yake kwa fedha mwezi Februari. Debe lisilopita lirudishwe nyumbani likaanikwe, hata kama ni la mwenyekiti, kwa sababu moja lenye dumuzi au unyevu linaharibu gunia zima. Njia hii haifai kila mahali. Mvuvi wa Pangani au wa Dunda hana mahindi, na Agosti ni kipindi cha kusi ambacho bahari imechafuka na mfuko wake uko mtupu. Fedha yake iko kwenye kaskazi, Desemba hadi Machi. Huyo alipe fedha wakati huo, na fedha yake ndiyo inunue nusu ya pili ya maharage na gesi, vitu ambavyo havinunuliwi Agosti hata hivyo. Mchango mmoja wa kiasi kimoja na tarehe moja kwa wote unaonekana wa haki kwenye karatasi, lakini ndio unaozalisha wadaiwa.

Wadaiwa nao wanabadilisha hesabu kuliko gesi inavyobadilisha. Kwa shilingi 325, mwaka mzima ni 23,400,000. Ukigawa kwa watoto 450 wa rejista ni 52,000 kila mmoja. Wakilipa asilimia 70 tu, watoto 315, mzigo wao unakuwa zaidi ya 74,000, na kwa kuwa hakuna mtoto anayerudishwa wala kunyimwa sahani, kinachopungua ni chakula. Gramu 120 zinakuwa 90 bila mtu kutangaza. Kwa hiyo kamati inapoulizwa gharama kwa mwanafunzi iseme inagawa kwa nani: waliosajiliwa, wanaokula au wanaolipa. Nimeona bajeti zinazotumia wa kwanza kwenye mapato na wa pili kwenye matumizi, kisha zinashangaa Machi.

Majiko yenyewe, mabomba, mitungi ya kuanzia na chumba chenye madirisha ya chini ya kutolea gesi iliyovuja havimo kwenye shilingi 325, na havipaswi kuwamo. Hayo ni mtaji. Halmashauri na Mfuko wa Jimbo ndiko vinakotakiwa kuombwa, kwa barua inayotaja idadi ya sahani na kilo za gesi kwa siku, siyo kwa kuongeza mchango wa mzazi na kuuita wa chakula. Na kikao cha wazazi cha kupanga bajeti ya mwakani kihamishwe kutoka Januari hadi mwanzoni mwa Julai, shule zikishafunguliwa na mahindi yakiwa bado shambani, ajenda ya kwanza ikiwa ni mizani, chupa ya chumvi na mifuko 46, ya pili ikiwa posho ya wapishi, na gesi ije ya tatu.